Picha ya 3D na Nyumba Yenyewe: Barua ya Mbunifu Majengo kwa Mteja

Picha ya 3D huonyesha nyumba ambayo bado haijajengwa. Ofisi ya ubunifu majengo huitengeneza kwa kompyuta kutokana na michoro, na mteja huiona kabla hata msingi haujachimbwa. Mara nyingi picha hiyo ndiyo inayomfanya aikubali ramani, na ndiyo anayowaonyesha ndugu na marafiki. Miezi inapita, ukuta unapakwa rangi, marumaru zinalazwa, na mteja anafika kiwandani kwake akiwa na picha ileile kwenye simu. Anaona rangi imekolea kuliko alivyotarajia, mbao zina wekundu ambao hakuuona, na mawe ya ukutani hayafanani hata yenyewe kwa yenyewe. Hapo huzuka swali la nani amekosea.

Ofisi nyingi ndogo, zenye wabunifu wawili au watatu, hulijibu swali hilo mapema kwa barua fupi inayokwenda kwa mteja pamoja na picha zenyewe. Ukurasa mmoja unatosha. Barua hueleza kwa nini malighafi zinazoonekana kwenye picha huenda zisifanane kabisa na zile zitakazojengwa, na hutaja ni kitu gani kitakachofuatwa pale tofauti itakapojitokeza. Ikiandikwa vizuri, barua hiyo hutenganisha tofauti za aina tatu ambazo watu huzichanganya: zile zinazotokana na picha, zile zinazotokana na asili ya malighafi, na zile zinazotokana na mtu kuamua kubadilisha kitu. Mbili za kwanza mteja anaombwa azikubali. Ya tatu haimhusu mpaka yeye mwenyewe airidhie.

Picha inavyotengenezwa

Kazi huanza na umbo. Mbunifu huijenga nyumba nzima ndani ya programu kama SketchUp, ArchiCAD au Revit, akifuata vipimo vilevile vya ramani: unene wa kuta, upana wa madirisha, kimo cha dari, mwinamo wa paa. Sehemu hii ya picha ni ya kuaminika, kwa sababu namba zinazolijenga umbo hilo ndizo atakazozifuata fundi.

Baada ya umbo huja malighafi na mwanga. Programu kama Lumion, Enscape au V-Ray huwa na maktaba ya nyuso za vitu: mbao, mawe, saruji, vioo, mabati, nyasi. Kila uso ni picha ndogo ya kitu hicho, pengine ya eneo lisilozidi mita moja au mbili za mraba, ambayo programu huirudia bega kwa bega mpaka ukuta wote ujae. Pamoja na picha hiyo ndogo, mbunifu huweka namba zinazoiambia kompyuta uso huo ung'ae kiasi gani na uwe na mikwaruzo kiasi gani.

Tofauti ya kwanza huzaliwa hapo. Nyuso nyingi zilizomo katika maktaba hizo ni za mbao na mawe ya Ulaya na Amerika. Mbunifu aliyeandika katika michoro kwamba milango itakuwa ya mninga huenda asiupate mninga kwenye maktaba, hivyo huchukua mbao nyingine iliyo karibu nao na kuisogeza rangi yake mpaka ipendeze. Mteja anapoitazama picha anadhani anaona mninga, kumbe anaona mti mwingine uliotiwa rangi. Hakuna udanganyifu katika hilo, mradi aambiwe.

Vilevile kuna vitu ambavyo picha haivionyeshi kabisa. Maungio ya marumaru hufutwa au hufanywa membamba mno. Mabomba ya maji ya mvua, tangi la juu, mashine za viyoyozi za nje na nyaya za umeme huachwa, na ukuta huwa safi kana kwamba mvua haijawahi kurusha tope. Barua nzuri huvitaja vitu hivyo kwa majina, kwa kuwa mteja hawezi kuuliza juu ya kitu asichokiona.

Jua la kwenye picha na jua la kwenye kiwanja

Sababu kubwa kuliko zote ya rangi kutofautiana ni mwanga. Rangi ya ukuta hutegemea rangi iliyopakwa, na hutegemea pia mwanga unaoufikia. Katika programu, mwanga huo huchaguliwa na mtu.

SketchUp ni mfano unaoeleweka kwa urahisi. Mbunifu asipoipa programu hiyo mahali kiwanja kilipo, hukokotoa jua kana kwamba nyumba iko Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani, kwenye nyuzi 40 kaskazini ya ikweta. Huko, jua la saa sita mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini ya ikweta, na mambo ni tofauti kabisa. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu Oktoba 10, jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini, na katikati ya Juni hufikia nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa kaskazini. Miezi iliyobaki huhamia kusini, lakini likiwa juu sana, nyuzi 73 hivi mwishoni mwa Desemba.

Maana yake kwa mwenye nyumba ni hii. Ukuta wa mbele unaotazama kusini, ukichorwa kwa jua la Boulder, utaonekana unang'aa mchana wa mwezi wowote. Ukuta huohuo Dar es Salaam utakuwa kivulini kila mchana kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Ukuta ulio kivulini humulikwa na anga tu, na anga ni ya buluu, kwa hiyo rangi ya kijivu huelekea kwenye ubuluu na rangi ya maziwa hupoteza ule umanjano wake wa joto. Rangi iliyopakwa ni sahihi, ila haijawahi kumulikwa kama ilivyomulikwa kwenye picha.

Urefu wa jua nao una athari. Jua likiwa karibu na utosi, mwanga huteleza juu ya ukuta badala ya kuugonga kwa mbele. Kila kibonge cha plasta hutupa kivuli kidogo chini yake, na kila jiwe lililojitokeza huonekana limejitokeza maradufu. Katika picha, plasta ni tambarare kama karatasi kwa kuwa kompyuta haina mkono wa fundi.

Hata rangi iliyochaguliwa kwenye kadi ya dukani haibaki ileile ikiwa kwenye ukuta mkubwa. Mtafiti wa Sweden, Karin Fridell Anter, aliichunguza hali hiyo katika tasnifu yake ya mwaka 2000 kwa kulinganisha rangi za kuta za nje na kadi zake za sampuli. Aliona kwamba, kwa kawaida, rangi ikiwa ukutani nje huonekana ina weusi mdogo zaidi na imechangamka zaidi kuliko ilivyo kwenye kadi. Ndiyo maana mteja aliyechagua kijivu chenye dalili ndogo ya buluu anaweza kupata nyumba inayoonekana ya buluu waziwazi. Wabunifu wenye uzoefu huchagua kadi iliyopooza kidogo kuliko rangi wanayotaka ionekane.

Vioo vina kisa chao. Picha nyingi za 3D huchorwa saa za magharibi, taa zote za ndani zikiwa zinawaka, kwa sababu nyumba hupendeza sana wakati huo. Madirisha huonekana angavu na sebule nzima huonekana kutoka nje. Mchana, ndani ya nyumba kuna mwanga mdogo sana kuliko nje, kwa hiyo kioo kisicho na tinti yoyote huonekana cheusi au hurudisha taswira ya anga na miti. Mteja anayelalamika kwamba amewekewa vioo vyeusi anaweza kuthibitisha mwenyewe kwa kurudi saa moja usiku na kuwasha taa.

Mwisho wa safari ya picha ni skrini. Picha iliyotumwa kwa simu huonekana tofauti kwenye kila simu, kulingana na mng'ao uliowekwa na namna kiwanda kilivyoitengeneza skrini. Ikichapishwa, wino hauwezi kutoa baadhi ya rangi ambazo skrini huzitoa. Watu wawili wanaobishana kuhusu rangi huku kila mmoja ameshika simu yake wanabishana kuhusu simu.

Malighafi zenye tabia zao

Tofauti za aina ya pili hazihusiani na kompyuta hata kidogo. Zingekuwapo hata kama nyumba ingechorwa kwa penseli.

Mninga ni mfano mzuri kwa sababu unapendwa sana. Kiini cha mti huo huwa na rangi kuanzia hudhurungi ya dhahabu hadi hudhurungi yenye wekundu, na mbao mbili zilizotoka kwenye magogo tofauti zinaweza kukaa mlango kwa mlango bila kufanana. Sehemu ya nje ya gogo ni nyeupe, na fundi asiyekuwa makini huiacha iingie kwenye fremu. Mbao pia hubadilika kadiri muda unavyopita. Miale ya jua huvunja lignini, ile gundi ya asili inayozishika nyuzi za mti, na mvua huiosha. Mbao zilizo nje bila kinga hugeuka kijivu, na hilo litatokea hata kama ni za daraja la kwanza. Vanishi huchelewesha tu, kwani juani huanza kupasuka na kubanduka. Mafuta ya mbao hayabanduki, lakini lazima yapakwe upya mara kwa mara. Picha ya 3D huonyesha siku ya kwanza tu ya maisha ya mbao hizo.

Mawe ya asili hayana sura moja. Mawe ya Mazeras, yanayochimbwa karibu na Mombasa na kutumika sana katika njia na kuta za pwani, hutoka machimboni yakiwa na rangi kadhaa, nyepesi na nzito, na mchanganyiko hubadilika kutoka lori moja hadi jingine. Kompyuta huchukua picha ya kipande kimoja na kukirudia, hivyo ukuta wa kwenye picha huwa na utulivu ambao mawe halisi hayana. Mtu anayetaka ukuta wa rangi moja hapaswi kuchagua mawe ya asili.

Marumaru za kiwandani ndizo zinazotarajiwa zifanane kabisa, na ndizo zinazoleta ugomvi mwingi zaidi. Kiwanda huzichoma kwa matoleo, na kila toleo hutofautiana kidogo kwa rangi na hata kwa vipimo. Kwa sababu hiyo boksi huandikwa namba ya toleo na namba ya rangi, pamoja na jina la marumaru. Maboksi mawili yenye jina moja na namba tofauti yakilazwa katika sebule moja, mpaka wake utaonekana kama mstari uliochorwa sakafuni. Hii ni tofauti inayozuilika, na inafaa ielezwe kwenye barua kwa sababu aghalabu mteja mwenyewe ndiye anayenunua marumaru kwa awamu kadiri fedha zinavyopatikana.

Mabadiliko yanayofanywa na watu

Aina ya tatu ni pale malighafi iliyokubaliwa inapoondolewa na nyingine kuwekwa. Huenda dukani imekwisha, huenda bei imepanda, huenda mkandarasi ana nyingine iliyobaki kwenye kazi aliyotoka. Mabati ya geji 28 yanageuka geji 30, ambayo ni membamba zaidi ingawa rangi yake ni ileile. Mbao za mninga zinageuka mbao laini zilizopakwa rangi ya mninga. Kwa macho, nyumba inaweza hata kufanana na picha kuliko ambavyo ingefanana kwa malighafi halali.

Hapo ndipo barua mbaya hujulikana. Barua inayosema kwa sentensi moja kwamba malighafi zote zinaweza kutofautiana na picha huufungua mlango kwa aina zote tatu kwa pamoja, na mkandarasi asiye mwaminifu anaweza kuupitia mlango huo akiwa amebeba karatasi ya mbunifu mwenyewe. Barua nzuri huufunga mlango wa tatu waziwazi.

Kimkataba, picha za 3D kwa kawaida hazimo kati ya nyaraka za mkataba wa ujenzi. Zilizomo ni michoro, maelezo ya kazi na malighafi, na ile hati ya vipimo na gharama ambayo wengi huiita BOQ. Mkandarasi alikokotoa bei yake kwa kusoma hati hizo. Picha inayoonyesha kitu ambacho hakimo katika BOQ ni ahadi isiyokuwa na fedha nyuma yake, na mteja anapaswa kulijua hilo kabla ya kutia sahihi.

Mfano wa barua

Tuseme ofisi ndogo ya Dar es Salaam imebuni nyumba ya familia huko Kigamboni, si mbali na bahari. Mbele kunatazama kusini. Kuna ukuta wa mawe ya asili karibu na mlango, vizuizi vya jua vya mbao za mninga barazani, rangi ya kijivu chepesi kwenye kuta, na marumaru za sentimita 60 kwa 60 sebuleni na barazani, jumla ya mita za mraba 84. Barua yao inaweza kusomeka hivi:

> Ndugu Wateja wetu,
>
> Salaam. Pamoja na barua hii tunawaletea picha sita za 3D za nyumba yenu ya Kigamboni. Tunaomba msome maelezo haya kabla ya kutia sahihi.
>
> Umbo la nyumba, vimo, nafasi za milango na madirisha na mwinamo wa paa vimetoka kwenye michoro yenyewe. Havitabadilika bila mchoro mpya wenye sahihi zenu.
>
> Rangi na sura za malighafi katika picha ni makadirio. Picha ya kwanza inaonyesha mbele ya nyumba tarehe 21 Desemba saa tatu asubuhi, jua likiwa ukutani. Picha ya pili inaonyesha ukuta huohuo tarehe 21 Juni saa tisa alasiri, ukiwa kivulini. Zote mbili ni nyumba yenu. Tangi la maji, mabomba ya mvua na viyoyozi havikuchorwa. Nafasi zake zimo kwenye michoro.
>
> Mninga utakaotumika utakuwa kati ya sampuli mbili tutakazowapa, nyepesi na nzito. Ukiwa nje utahitaji kupakwa mafuta mara kwa mara. Ukiachwa utageuka kijivu. Mawe ya ukutani yatafanana na kipande cha mita moja ya mraba kitakachojengwa kiwanjani ili mkikague. Rangi ya kuta itaamuliwa kwa kipande kilichopakwa kwenye ukuta wenyewe, wala haitaamuliwa kwa picha.
>
> Marumaru zinunuliwe zote kwa mara moja, maboksi 65 yenye namba moja ya toleo na ya rangi.
>
> Malighafi yoyote ikikosekana, hatutaibadilisha wenyewe wala kumruhusu mkandarasi kuibadilisha. Tutawaletea mbadala wawili, kila mmoja na sampuli yake na tofauti ya bei, nanyi mtajibu kwa maandishi. Kimya chenu hatutakihesabu kuwa ridhaa.
>
> Picha ikitofautiana na orodha ya malighafi iliyoambatishwa, orodha ndiyo itakayofuatwa. Kwa rangi na sura, sampuli yenye sahihi zenu ndiyo itakayofuatwa kuliko vyote.
>
> Wenu katika kazi,
> Mbunifu Majengo

Barua hiyo inavyofanya kazi

Aya yake ya pili inaanza na kisichobadilika, na mpangilio huo una sababu. Mteja anayeanza kwa kusoma orodha ya mambo yanayoweza kutofautiana hubaki na wasiwasi kwamba nyumba nzima ni ya kubahatisha. Akijua kwamba umbo na vipimo vimefungwa, ataweza kuyapokea maelezo ya rangi kwa utulivu.

Aya ya mwanga haikuishia kusema kwamba mwanga hubadilika. Imetoa tarehe mbili na saa mbili, na picha mbili za ukuta uleule. Mbunifu aliyefanya hivyo ameiambia programu kiwanja kiko wapi na ameonyesha ukuta katika hali yake nzuri na katika hali yake ya kawaida. Mteja akiuchukia ule wa kivulini, bado kuna nafasi ya kubadilisha rangi bila gharama.

Aya ya mbao na mawe imeweka mipaka. Neno "huenda" peke yake halina mwisho, na kwenye mgogoro kila upande hulivuta kwake. Sampuli mbili, moja nyepesi kabisa na moja nzito kabisa, hugeuza neno hilo kuwa kitu cha kushikwa mkononi. Ubao uliozidi wekundu wa sampuli nzito unarudishwa yadi, na ubao uliomo kati unapokelewa, hata kama mteja alikuwa amependa rangi ya kwenye picha.

Hesabu ya marumaru nayo inaeleweka kwa urahisi. Eneo ni mita za mraba 84. Ikiongezwa asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, inakuwa mita 92.4. Boksi lenye marumaru nne za sentimita 60 kwa 60 hufunika mita 1.44, kwa hiyo yanahitajika maboksi 64 na kidogo, yaani 65. Mteja akinunua maboksi 40 sasa na 25 baada ya miezi miwili, huenda akakuta toleo limekwisha dukani. Na masalio ya kazi hayatupwi: yanawekwa stoo, kwa sababu marumaru itakayopasuka baada ya miaka mitano haitapata mwenzake sokoni.

Aya ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa inapanga ngazi. Juu kabisa iko sampuli iliyotiwa sahihi, chini yake orodha ya malighafi, na picha iko chini ya zote mbili. Ngazi hiyo hufaa tu ikiwa orodha ipo kweli. Orodha yenye maana hutaja jina la malighafi, mtengenezaji, namba yake, unene au geji, na namna ya umaliziaji. Mstari unaosema "mabati ya rangi, mazuri" haumlindi mtu yeyote.

Sampuli zinavyokaguliwa

Sampuli ya rangi hupakwa kwenye ukuta wenyewe, juu ya plasta ileile, kwa hatua zilezile za praima na mikono miwili ya rangi. Eneo lisipungue mita moja kwa moja, na lipakwe kwenye ukuta unaopigwa na jua na kwenye ulio kivulini. Hutazamwa ikiwa imekauka, asubuhi, saa sita mchana na jioni. Kipande kidogo cha ukubwa wa kiganja hudanganya, kwa kuwa jicho huisoma rangi yake pamoja na saruji inayokizunguka.

Mawe hujengwa kipande kizima pamoja na maungio yake, kwani upana na rangi ya maungio hubadilisha sura ya ukuta karibu sawa na mawe yenyewe. Kipande kikikubaliwa hakibomolewi mpaka ukuta wote ukamilike. Mbao huletwa zikiwa zimepigwa randa na kupakwa mafuta yatakayotumika, maana ubao mkavu na ubao uliopakwa ni kama mbao za miti miwili. Kila sampuli huandikwa tarehe nyuma, hutiwa sahihi na mteja, mbunifu na mkandarasi, na hukaa kiwanjani mahali pasipo na jua wala mvua.

Mzigo unapofika, ukaguzi hufanyika kabla haujashushwa wote. Namba za maboksi husomwa moja baada ya nyingine, na geji ya bati hupimwa kwa kifaa chake. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na ni rahisi mno kuliko kung'oa sakafu.

Tofauti ikitokea, ni ya nani?

Mteja asiporidhika na kitu kilichokwisha jengwa, hatua ya kwanza ni kuweka picha kando na kuleta sampuli. Sampuli huegemezwa kwenye ukuta, vikiwa vyote vikavu na katika mwanga mmoja, na watu husimama mita tatu hivi nyuma. Vikifanana, basi kilichomsumbua mteja ni picha. Nyumba imejengwa kama ilivyokubaliwa, na mabadiliko yoyote yatakuwa kwa gharama yake. Visipofanana, mkandarasi ndiye wa kueleza.

Kukiwa hakuna sampuli, huangaliwa orodha ya malighafi na BOQ, kisha stakabadhi za dukani na maboksi matupu. Kilichonunuliwa kikiwa tofauti na kilichoandikwa, mkandarasi hana hoja, hata kama rangi inafanana. Kukiwa hakuna sampuli wala orodha, wote hubaki na picha tu, na picha ina majibu mengi kwa swali moja. Mbunifu ndiye anayebeba lawama kubwa katika hali hiyo, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kuwa picha haitoshi.

Nchini Tanzania kazi ya ubunifu majengo husimamiwa kwa sheria ya mwaka 2010 kupitia bodi ya usajili ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, inayofahamika kama AQRB. Kenya ina BORAQS yenye kazi kama hiyo. Mteja aliyekwama anaweza kuanzia hapo, iwapo aliyemwajiri amesajiliwa.

Kwa hiyo mteja anayepokea picha nzuri za 3D bila barua yoyote aiombe. Akipokea barua ya sentensi moja inayosema kila kitu kinaweza kubadilika, asiitie sahihi. Airudishe na kuomba mambo matatu: orodha ya malighafi yenye majina na namba, sampuli za kushika mkononi, na ahadi ya maandishi kwamba hakuna kitakachobadilishwa bila ridhaa yake. Mbunifu anayejua kazi yake atayatoa yote matatu bila kusumbuliwa.